Faida Ipo, Lakini Mtaji Umelipwa?

Tuchukue kampuni ya mfano iliyoko Morogoro, yenye vitengo viwili. Kitengo cha kwanza kina malori 12 yanayobeba mizigo kati ya bandari ya Dar es Salaam na mikoa ya bara. Cha pili ni kinu kinachosaga mahindi na kufungasha sembe. Mwaka umekwisha, mhasibu ameleta hesabu mbele ya bodi: malori yameingiza faida ya uendeshaji ya shilingi milioni 600, kinu kimeingiza milioni 400. Meneja wa malori anapongezwa na kuahidiwa malori mapya. Meneja wa kinu anaambiwa aongeze bidii.

Bodi hiyo imeamua kabla ya kuuliza swali moja: kila kitengo kimetumia fedha kiasi gani kupata faida hiyo, na fedha hizo zilipaswa kuzaa kiasi gani? Lori ni fedha. Gunia la mahindi lililoko ghalani ni fedha. Ankara ambayo mteja hajailipa kwa miezi miwili nayo ni fedha, ila imelala mfukoni mwa mtu mwingine. Fedha hizo zilitoka kwa wenye hisa na benki, na hakuna kati yao aliyezitoa bure. Benki hudai riba yake kwa barua, kwa hiyo huonekana kwenye vitabu. Mwenye hisa haandiki barua ya madai, na kwa sababu hiyo sehemu yake husahaulika.

Kuna hesabu inayoirudisha sehemu hiyo mezani. Huitwa thamani ya kiuchumi iliyoongezwa, na duniani inajulikana kwa herufi EVA. Unachukua faida ya uendeshaji ya kitengo baada ya kodi, kisha unaondoa gharama ya mtaji wote uliofungwa ndani ya kitengo hicho. Kinachobaki ndicho kitengo kilichoongeza. Kikibaki chini ya sifuri, kitengo kimepunguza mali ya wenye kampuni, hata kama hesabu ya faida na hasara inaonyesha faida nono.

Wazo la zamani, jina jipya

Mwaka 1890, mwanauchumi wa Uingereza Alfred Marshall aliandika katika kitabu chake *Principles of Economics* kwamba mapato halisi ya mwenye biashara kwa kazi yake ya kuiongoza ni yale yanayobaki baada ya kuondoa riba ya mtaji wake kwa kiwango cha wakati huo. Katika miaka ya 1950 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitumia wazo hilo kuvipima vitengo vyake. Miaka ya 1980, Joel Stern na Bennett Stewart, wenye kampuni ya ushauri ya Stern Stewart huko New York, walilipanga upya, wakalipa jina lake la sasa, ambalo lilisajiliwa kama alama ya biashara.

Mfano uliolitangaza zaidi ni wa Coca-Cola. Roberto Goizueta aliposhika uongozi mwaka 1981, kampuni ilikuwa imetawanyika katika biashara nyingi zisizohusiana na soda, mojawapo ikiwa mvinyo. Alianza kuvitoza vitengo gharama ya mtaji vinaoutumia. Biashara ya mvinyo ilikuwa na faida, lakini ilidai mashamba, mapipa na akiba kubwa ya mvinyo unaosubiri kukomaa, na faida hiyo haikufikia gharama ya fedha zilizofungwa humo. Mwaka 1983 iliuzwa kwa kampuni ya Seagram. Hata ndani ya biashara ya soda mambo yalibadilika: makontena ya chuma cha pua yaliyotumika kusafirishia kiini cha soda yaliachwa, yakatumika ya karatasi ngumu. Kontena la chuma linadumu miaka mingi, lakini miaka yote hiyo limeshikilia fedha.

Sasa turudi Morogoro tuifanye hesabu yenyewe, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: faida kabla ya riba, baada ya kodi

Tunaanza na faida ya uendeshaji: mauzo, ukiondoa gharama zote za kuendesha kazi, yaani mafuta, mishahara, matairi, umeme, mahindi, vifungashio na uchakavu wa mali. Riba ya benki haiondolewi hapa. Sababu yake ni kwamba riba ni malipo ya mtaji, na mtaji utalipiwa wote kwa pamoja katika hatua ya mwisho. Ukiiondoa sasa, kitengo kitatozwa mara mbili kwa fedha zilezile. Hili ndilo kosa linalotokea mara nyingi zaidi katika hesabu hii.

Pia tunaondoa mapato ambayo hayatokani na kazi ya kitengo. Kama kitengo cha malori kiliuza kiwanja mwaka huo na kupata faida ya mara moja, faida hiyo haiwezi kutumika kupima ubora wa usafirishaji. Milioni 600 na milioni 400 za mfano wetu zimeshasafishwa kwa namna hiyo.

Kodi ya mapato ya makampuni nchini Tanzania ni asilimia 30, na Kenya pia hutoza kiwango hicho. Tunaikokotoa juu ya faida ya uendeshaji yote, kana kwamba kampuni haina deni hata kidogo. Kwa hiyo malori yanabaki na milioni 420, kinu kinabaki na milioni 280. Kodi hii ni kubwa kidogo kuliko ile itakayolipwa kweli, kwa kuwa riba hupunguza kodi. Nafuu hiyo haijapotea, tutaihesabu tutakapofika kwenye bei ya deni.

Hatua ya pili: mtaji uliofungwa

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu mizania ya kampuni huandikwa kwa kampuni nzima, nasi tunataka kujua kipi ni cha nani.

Kitengo cha malori kina malori yenye thamani ya kitabuni ya milioni 2,600, baada ya kuondoa uchakavu wa miaka iliyopita. Kina karakana ya milioni 300, vipuri na matairi ya milioni 150, na fedha taslimu za kuendeshea safari milioni 50. Wateja wanadaiwa milioni 700. Jumla ni milioni 3,800. Upande wa pili, kituo cha mafuta na wauzaji wa vipuri wameikopesha kampuni milioni 300 bila riba. Hizo tunazitoa, maana hakuna anayetozwa kwa fedha hizo, na kama wauzaji wameongeza kitu kwenye bei, kitu hicho kimeshaingia katika gharama za uendeshaji. Mtaji wa malori unabaki milioni 3,500.

Kinu kina mashine za milioni 550, jengo na ghala la milioni 350, mahindi na unga wa milioni 380, na wateja wanadaiwa milioni 120. Jumla ni milioni 1,400. Tukiondoa milioni 100 zinazodaiwa na wauzaji wa mahindi na mifuko, unabaki mtaji wa milioni 1,300.

Katika kazi halisi ni vizuri kuchukua wastani wa mwanzo na mwisho wa mwaka. Kinu hujaza ghala baada ya mavuno na kulimaliza miezi ya baadaye. Ukipima siku ghala likiwa tupu, utafikiri kinu kinajiendesha kwa mtaji mdogo kuliko uhalisia. Kwa biashara ya mazao, wastani wa kila mwezi ni bora zaidi.

Hatua ya tatu: bei ya mtaji

Kampuni yetu imepata asilimia 40 ya mtaji wake kwa mkopo wa benki na asilimia 60 kwa wenye hisa. Benki inatoza riba ya asilimia 15. Kwa kuwa riba hupunguza kodi kwa asilimia 30 ya kiasi chake, gharama halisi ya deni ni asilimia 10.5. Hapo ndipo ile nafuu ya kodi inapoingia.

Gharama ya fedha za wenye hisa haiko kwenye mkataba wowote, lakini inaweza kukadiriwa. Tunaanza na kitu ambacho mwenye fedha angeweza kufanya bila kusumbuka, kama kununua hatifungani za Serikali za muda mrefu zinazouzwa na Benki Kuu. Tuseme hatifungani hizo zinatoa asilimia 13. Hakuna mwenye akili timamu atakayeweka fedha zake kwenye malori na kinu kwa asilimia 13 ilhali angeweza kuipata kutoka Serikalini bila hofu ya ajali barabarani au bei ya mahindi kushuka. Atataka nyongeza ya kubeba hatari hiyo. Tukiiweka nyongeza kuwa asilimia 7, gharama ya fedha zake inakuwa asilimia 20.

Sasa tunapima uzito. Asilimia 40 ya 10.5 ni 4.2, na asilimia 60 ya 20 ni 12. Jumla ni asilimia 16.2. Kila shilingi 100 iliyofungwa ndani ya kampuni hii inapaswa kuzaa shilingi 16 na senti 20 kwa mwaka baada ya kodi, kabla hatujasema imeongeza chochote.

Nyongeza ya hatari ni makadirio, kwa hiyo hesabu ifanywe pia kwa kiwango cha juu kidogo na cha chini kidogo. Kama kitengo kinabaki upande uleule wa sifuri kwa asilimia 15 na kwa asilimia 18, jibu linaaminika. Kama kinavuka sifuri kwa mabadiliko madogo, bodi ijue kwamba iko mpakani na isikimbilie kuuza wala kupanua.

Jibu na namna ya kulihakiki

Malori yanapaswa kulipia milioni 3,500 kwa asilimia 16.2, yaani milioni 567. Yameingiza milioni 420. Thamani iliyoongezwa ni hasi milioni 147. Kinu kinapaswa kulipia milioni 1,300, yaani milioni 210.6. Kimeingiza milioni 280. Kimeongeza milioni 69.4.

Kitengo kilichopongezwa kimekula mali ya wenye kampuni, na kilichokaripiwa kimeiongeza. Tukivijumlisha, kampuni nzima iko chini kwa milioni 77.6.

Je, tutajuaje kwamba hatujakosea? Tuipitie kampuni kwa mlango wa pili, ule wa wenye hisa. Mtaji wote ni milioni 4,800, na deni ni asilimia 40 yake, yaani milioni 1,920. Riba ya asilimia 15 ni milioni 288. Faida ya uendeshaji ya vitengo vyote viwili, milioni 1,000, ukiondoa riba hiyo, inabaki milioni 712. Kodi ya asilimia 30 ni milioni 213.6, na faida halisi itakayochapishwa kwenye ripoti ya mwaka ni milioni 498.4. Fedha za wenye hisa ni milioni 2,880, na kwa asilimia 20 walistahili milioni 576. Wamepungukiwa milioni 77.6, jibu lilelile. Milango hii miwili isipofika kwenye namba moja, kuna riba iliyoondolewa mara mbili, kodi iliyowekwa pasipo mahali pake, au mtaji uliosahauliwa.

Hapa ndipo uzito wa jambo hili unapoonekana. Ripoti ya mwaka itaonyesha faida karibu nusu bilioni, na kila neno ndani yake litakuwa kweli. Lakini wenye fedha wangepata zaidi ya hapo kwingine, kwa hatari ileile.

Meneja wa malori afanye nini

Jibu hasi halimaanishi kwamba malori yauzwe kesho. Linamwonyesha meneja mahali pa kutazama, na mara nyingi mahali hapo si kwenye mauzo.

Kitengo chake kinauza milioni 3,650 kwa mwaka, sawa na milioni 10 kwa siku. Wateja wanadaiwa milioni 700, kwa hiyo kwa wastani wanalipa baada ya siku 70. Akituma ankara siku mzigo unaposhushwa badala ya kusubiri mwisho wa mwezi, na akakataa kupakia tena kwa mteja aliyepitisha muda, muda huo unaweza kushuka hadi siku 35. Milioni 350 zinarudi benki, na gharama ya mtaji inapungua kwa milioni 56.7 kila mwaka. Hajaongeza safari hata moja.

Kisha kuna malori mawili ya akiba ambayo muda mwingi yameegeshwa. Kitabuni yana thamani ya milioni 300 na soko linatoa bei hiyo. Kwa mwaka yanaingiza milioni 30, au milioni 21 baada ya kodi, huku mtaji wake ukigharimu milioni 48.6. Akiyauza, kitengo kinapanda kwa milioni 27.6, ingawa faida yake ya uendeshaji itaonekana imeshuka. Meneja anayepimwa kwa faida peke yake asingeyauza kamwe.

La tatu ni safari za kurudi tupu. Tuseme kwa kupata mizigo ya kurudi nayo Dar es Salaam anaongeza faida ya uendeshaji kwa milioni 90. Baada ya kodi ni milioni 63.

Tujumlishe. Faida ya uendeshaji sasa ni 600, toa 30, ongeza 90, yaani milioni 660, na baada ya kodi ni milioni 462. Mtaji umeshuka hadi milioni 2,850, na gharama yake ni milioni 461.7. Kitengo kimefika juu ya sifuri kwa milioni 0.3. Kutoka hasi milioni 147 hadi hapo, zaidi ya nusu ya safari imetokana na kuachia fedha zilizokuwa zimelala.

Mtego wa asilimia

Makampuni mengi hupima vitengo kwa asilimia ya faida juu ya mtaji. Kwa kipimo hicho kinu kina asilimia 21.5 na malori yana asilimia 12. Mpangilio ni sahihi, lakini tazama kinachotokea inapofika zamu ya kuwekeza.

Meneja wa kinu anapewa nafasi ya kununua mashine ya kukoboa na kusaga kwa milioni 400, itakayoingiza milioni 72 kwa mwaka baada ya kodi. Hiyo ni asilimia 18. Akiikubali, wastani wake unashuka kutoka 21.5 hadi 20.7, na bonasi yake inashuka nayo. Anaikataa. Lakini gharama ya milioni 400 ni milioni 64.8, kwa hiyo mashine ingewaongezea wenye kampuni milioni 7.2 kila mwaka.

Meneja wa malori naye anapewa mradi wa milioni 500 utakaoingiza milioni 70, sawa na asilimia 14. Wastani wake unapanda, anaupokea kwa furaha. Gharama ya mtaji huo ni milioni 81, na kampuni inapoteza milioni 11 kila mwaka. Kipimo kimoja kimemfanya aliye bora akatae mradi mzuri na aliye nyuma akubali mradi mbaya. Kinachofaa kutazamwa ni shilingi zinazobaki baada ya mtaji kulipwa, maana ndizo zinazoingia kwenye mali ya wenye kampuni.

Mtego wa bei za ndani

Kabla bodi haijampongeza meneja wa kinu, iulize swali lingine: mahindi yake yalibebwa na nani, na kwa bei gani?

Malori ya kampuni ndiyo yanayoleta mahindi kinuni. Tuseme wanalipana bei iliyopangwa miaka mingi iliyopita, na kwamba msafirishaji wa nje angetoza milioni 100 zaidi kwa mwaka kwa kazi hiyohiyo. Tukiiweka bei ya soko, faida ya malori inakuwa milioni 700 na ya kinu milioni 300. Baada ya kodi, milioni 70 zimehama. Malori sasa yako hasi milioni 77. Kinu, kilichokuwa nyota, kinashuka hadi hasi milioni 0.6.

Kampuni nzima haijabadilika, bado iko hasi milioni 77.6. Kilichobadilika ni nani anaonekana kubeba nani. Mizigo ya pamoja hufanya vivyo hivyo: ofisi kuu, mhasibu, mlinzi, na eneo moja linalotumiwa na vitengo viwili. Vikigawanywa kwa mazoea, jibu linakuwa la mazoea. Dalili ya tatizo hili ni kitengo ambacho mteja wake au mwuzaji wake mkubwa ni kitengo kingine cha kampuni hiyohiyo. Dawa ni kutafuta bei tatu za watu wa nje na kuzitumia katika hesabu hii, hata kama vitabu vya kampuni vinaendelea kutumia bei ya ndani.

Mtego wa mali iliyochakaa

Mtego wa mwisho ndio mgumu kuliko yote, na umewahi kuwapotosha hata wanaoifahamu hesabu hii vizuri.

Chukua lori moja lililonunuliwa kwa milioni 300, linalochakaa kwa milioni 60 kila mwaka kwa miaka 5. Kila mwaka linaingiza milioni 40 baada ya kodi na uchakavu. Mwaka wa kwanza mtaji wake ni milioni 300, gharama ni milioni 48.6, na lori linaonekana limepoteza milioni 8.6. Mwaka wa tano mtaji uliobaki kitabuni ni milioni 60 tu, gharama ni milioni 9.7, na lori linaonekana limeongeza milioni 30.3. Ni lori lilelile, njia ileile, mapato yaleyale.

Je, lilikuwa jema au baya? Ukichukua matokeo ya miaka yote mitano na kuyarudisha kwenye thamani ya leo kwa asilimia 16.2, unapata jumla ya milioni 25.9 juu ya sifuri. Ukikokotoa thamani ya leo ya fedha taslimu, milioni 100 kila mwaka, na kuondoa bei ya lori, unapata milioni 25.9 vilevile. Hiyo ni kanuni yenye nguvu: kwa maisha yote ya mali, thamani iliyoongezwa na hesabu ya fedha taslimu hukutana, hata ukigawanya uchakavu kwa namna nyingine. Lori lilikuwa jema tangu siku ya kununuliwa.

Kwa mwaka mmoja mmoja, hata hivyo, kipimo kinamwadhibu anayenunua na kumzawadia anayeahirisha kununua. Meneja anayestaafu baada ya miaka miwili ana kila sababu ya kubaki na malori mazee, hesabu ikipendeza kila mwaka, hadi siku breki zitakapofeli au mteja atakapohamia kwingine kwa kuchoshwa na mizigo kuchelewa. Mrithi wake atanunua malori mapya na ataonekana ameharibu kazi.

Namna ya kutambua ni rahisi. Weka umri wa wastani wa malori kando ya thamani iliyoongezwa. Kama matokeo yanapanda huku umri unapanda, faida ya uendeshaji ikisimama palepale, ongezeko hilo limeletwa na kalenda. Njia ya kurekebisha ni kutumia gharama ya kununua mali kama hiyo leo badala ya thamani ya kitabuni, au kupanga uchakavu uwe mdogo mwanzoni na mkubwa baadaye, ili jumla ya uchakavu na gharama ya mtaji ilingane kila mwaka. Kwa lori letu, mpangilio huo wa pili ungeonyesha ongezeko dogo la kiasi kilekile kila mwaka, na hakuna meneja ambaye angenufaika kwa kuchelewesha.

Sababu hiyohiyo inafanya bonasi inayofungwa kwenye matokeo ya mwaka mmoja kuwa hatari. Ni heri kuifunga kwenye mabadiliko ya miaka mitatu, sehemu yake ikiwekwa akiba na kupunguzwa matokeo yakirudi chini.

Kwenye meza ya bodi

Kampuni ya Morogoro haihitaji mtaalamu kutoka nje ili kuanza. Inahitaji karatasi moja kwa kila kitengo, yenye faida ya uendeshaji baada ya kodi, orodha ya mtaji uliofungwa pamoja na jina la anayeusimamia, kiwango cha gharama ya mtaji kilichokubaliwa na bodi kabla ya mwaka kuanza, na umri wa mali zake. Bei za ndani zipimwe kwa bei za soko mara moja kwa mwaka. Kisha kila ombi la fedha lijibu kwa shilingi: litabakiza kiasi gani baada ya mtaji wake kulipwa?

Ombi la malori mapya lililoahidiwa mwanzoni halipaswi kukataliwa wala kukubaliwa kwa sababu ya zile milioni 600. Likubaliwe kama malori hayo, katika maisha yao yote, yataingiza zaidi ya asilimia 16.2, mizigo ya kurudi ikiwa imepatikana na wateja wakilipa kwa wakati. Yasipofika hapo, fedha zipelekwe kinuni. Kinu nacho kikishindwa kuzizalisha, zirudishwe kwa wenyewe kama gawio. Wengi wa wenyewe hao ni wanachama wa mifuko ya hifadhi, vyama vya kuweka na kukopa, na wazee walionunua hisa kwa akiba ya maisha. Hawamo katika kikao cha bodi, na kila kitengo kinachoishi chini ya gharama ya mtaji wake kinaishi kwa fedha zao.